Nani ni Nani? Uhakiki wa Uteuzi wa Majina ya Ukoo katika Tamthiliya za Runinga Zinazolenga Watazamaji wa Pwani, Bara na Nchi Jirani

Ikisiri

Tamthiliya ya familia hutegemea mtazamaji ajue nani ni mke wa nani, nani ni mama wa nani na nani amezaliwa na nani. Katika Kiswahili, maneno yanayobeba mahusiano hayo hayana maana moja kutoka Unguja hadi Bukavu. Makala haya yanahakiki namna maneno ya ukoo yanavyoteuliwa katika tamthiliya zinazokusudiwa kuonyeshwa katika nchi zaidi ya moja, ama zimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo ama zimeingizwa sauti za Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba neno lisilojulikana lina madhara madogo kuliko neno linalojulikana kote kwa maana tofauti. Kwa hiyo, mwandishi wa mazungumzo hana budi kuyaondoa maneno ya aina hiyo ya pili kwanza, na kuyaacha mengi ya aina ya kwanza yabaki na ladha yake.

1.0 Utangulizi

Mnamo mwaka 2011, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilionyesha tamthiliya ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kufahamika kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Kisa chake kinamhusu mwanamke aliyeolewa na mwanamume ambaye wazazi wake walitalikiana na baba akaoa tena, hivyo bibi harusi akajikuta ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Tangu hapo tamthiliya za kigeni zenye sauti za Kiswahili zimeongezeka, na kampuni za ving'amuzi zinazozirusha hazihudumii nchi moja tu. Tamthiliya iliyoandaliwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam inaweza kutazamwa jioni hiyohiyo Mombasa, Nakuru, Bujumbura na Goma.

Jina la tamthiliya hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu ndani yake umo uamuzi mmoja wa uteuzi wa maneno wenye faida na hasara zinazoonekana wazi. Kiswahili kina neno mahususi la mama wa mume, yaani mavyaa. Neno hilo limo katika orodha za majina ya ukoo zinazofundishwa shuleni nchini Kenya, lakini katika mazungumzo ya kila siku ya watazamaji wengi wa bara halisikiki. Mama mkwe ni pana zaidi, kwa kuwa humhusu mama wa mume na mama wa mke vilevile, lakini limeundwa kwa maneno mawili ambayo kila mtazamaji anayo. Hata asiyelitumia anaweza kulifungua mwenyewe.

Hasara yake ni kwamba jina zima halisemi Doudou ni wa jinsia gani. Kiambishi cha umilikaji zake hakibagui mume na mke, na jina la Kichina halimwambii chochote msikilizaji wa Kiswahili. Mavyaa lingeliweka wazi jambo hilo kwa neno moja, kwa kuwa mwenye mavyaa ni mke. Hata hivyo, uamuzi uliofanywa unateteka, kwa kuwa mtazamaji anamwona Doudou kwa macho yake katika tukio la kwanza. Kilichopotea katika neno kimerudishwa na picha. Mfano huu unaonyesha kwamba neno la runinga halipimwi peke yake. Hupimwa pamoja na kile kinachoonekana wakati linatamkwa, na swali la kuuliza ni iwapo picha inaweza kulisahihisha.

2.0 Kwa nini usanifu pekee hautoshi

Jibu la haraka linalotolewa mara nyingi ni kwamba watayarishaji watumie Kiswahili Sanifu. Jibu hilo lina msingi wa kihistoria. Kamati iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia lugha katika makoloni ya Afrika Mashariki ilifanya kazi juu ya lahaja ya Kiunguja, ili kitabu kimoja kisomeke Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Baada ya uhuru, BAKITA iliyoanzishwa mwaka 1967 iliendeleza kazi hiyo Tanzania, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikawa rejea ya wengi ndani na nje ya nchi hiyo.

Hata hivyo, usanifishaji ulishughulika zaidi na tahajia, sarufi na istilahi za shule na ofisi. Majina ya ukoo hayajifunzwi ofisini. Mtoto huyapokea nyumbani, na nyumba nyingi za bara zina lugha nyingine ya kwanza yenye mpangilio wake wa ukoo. Pale mpangilio huo unapogongana na wa Kiswahili, neno la Kiswahili husogezwa. Matokeo yake ni kwamba maneno yaleyale, kwa tahajia ileile sanifu, yamekaa mahali tofauti katika ukoo. Mwandishi anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa lolote la usanifu na bado ikaeleweka kwa namna tatu.

Tafiti za tafsiri katika vyuo vya Afrika Mashariki hutumia mara nyingi Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer, inayosema kwamba lengo la matini na hadhira yake ndivyo vinavyoamua namna ya kutafsiri. Kwa suala hili nadharia hiyo inasaidia nusu ya njia tu. Inamtaka mfasiri amjue mtazamaji wake, lakini haimwambii afanye nini watazamaji wakiwa watatu na haki yao ikiwa sawa. Hapo ndipo panahitajika kigezo cha kupanga makosa kwa uzito: kosa lipi livumiliwe na lipi lisivumiliwe kabisa.

3.0 Aina mbili za ugumu

3.1 Maneno yasiyofika kila mahali

Kundi la kwanza ni la maneno yanayotumika eneo moja na kukosekana kwingine. Mfano mzuri ni wifi, yaani dada wa mume kwa mke, na mke wa kaka kwa dada. Pwani na Tanzania bara neno hili ni la kila siku, na lina uzito wa kisanaa kutokana na ushindani wa mawifi unaosikika katika taarabu na katika mafumbo ya kanga. Kwa watazamaji wengi wa bara ya Kenya na wa ng'ambo ya mpaka wa magharibi, neno hilo ni geni au la vitabuni. Ami, yaani ndugu wa kiume wa baba, lina hali kama hiyo: ni la kawaida Mombasa na Unguja, lakini ndani ya Tanzania bara husemwa baba mdogo au baba mkubwa.

Mtazamaji anayekutana na neno asilolijua hubaki na pengo, naye anajua kwamba ana pengo. Atamwuliza aliyekaa karibu, au atasubiri tukio lijifafanue. Mwanamke akiingia ukumbini, akamtupia jicho mke wa kaka yake na kuulizia kwa sauti kilichopikwa leo, mtazamaji wa Eldoret huenda asijue neno wifi, lakini anakijua kisa hicho. Baada ya matukio mawili amelipata neno pia.

3.2 Maneno ya sura moja na maana mbali

Kundi la pili ni la hatari zaidi, na bibi ndilo mfano wake mkuu. Kwa Mtanzania wa bara na kwa Mzanzibari, bibi ni mama wa baba au mama wa mama. Papo hapo, neno hilo ni la heshima mbele ya jina la mwanamke, kama lilivyotumika kwa Bibi Titi Mohamed. Katika mazungumzo ya bara ya Kenya, na katika Kiswahili cha mashariki na kusini mashariki ya Kongo, bibi yangu ni mke wangu. Mkenya humwita mama wa mzazi wake nyanya, neno ambalo kwa mtoto wa Dodoma ni tunda la kukaangia mchuzi.

Ndugu nalo limesogea. Nchini Tanzania neno hilo humhusu jamaa yeyote, wa kiume au wa kike, na enzi za Ujamaa likawa pia jina la heshima la kuitana baina ya raia. Kwa wasemaji wengi wa bara ya Kenya, ndugu yangu ni kaka yangu. Mjomba nalo katika mpangilio wa Kiswahili cha pwani ni kaka wa mama peke yake, na ana nafasi yake maalumu kwa mpwa, ilhali katika matumizi mengi ya bara ya Kenya limepanuka likawa la ndugu wa kiume wa upande wowote.

Hapa hakuna pengo linalohisika. Mtazamaji wa Bukavu anayesikia "bibi amekasirika" hajiulizi lolote. Amekwisha kuelewa, na amemwelewa mtu mwingine. Kosa hilo halitoi sauti, na linaweza kusafiri naye vipindi kumi kabla ya kisa kuanza kumchanganya. Atakapochanganyikiwa, ataulaumu ubovu wa hadithi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanashikilia kwamba maneno ya kundi la pili ndiyo yanayostahili kuondolewa katika mazungumzo ya tamthiliya ya nchi nyingi, hata kama kila moja ni sanifu na linafahamika kote.

4.0 Uchambuzi wa tukio moja

Tukio lifuatalo limebuniwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa mtindo wa tamthiliya za mirathi. Mume amefariki. Mdogo wake amefika kwa mjane, watoto wakiwapo, kudai nyumba. Zuhura ni dada wa marehemu. Mwandishi aliyezoea Kiswahili cha Dar es Salaam angeweza kuandika hivi:

Shemeji: Bibi amesema nyumba hii ni ya ukoo.
Mjane: Amesema lini? Wifi alikuwepo?
Shemeji: Wifi yako hana neno. Mimi ni baba mdogo wa hawa watoto.
Mjane: Kama wewe ni ndugu yao, mbona hujaleta hata kilo moja ya unga?

Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam mazungumzo haya hayana tatizo, na yana ufundi wake. Shemeji anamwita mama yake mzazi bibi kwa kuwa watoto wanasikia. Kwa kutumia nafasi ya watoto katika ukoo, anaifanya amri ya mkongwe iwaangukie wao moja kwa moja.

Kwa mtazamaji wa Nakuru au Lubumbashi, sentensi ya kwanza inasema kwamba mke ndiye aliyesema. Kwa kuwa mke wa marehemu ndiye anayeambiwa, atakayefikiriwa ni mke wa shemeji mwenyewe. Kisa kizima kinageuka. Mahali pa mamlaka ya mama mzazi pamekaliwa na mke mwenye tamaa anayemtuma mumewe, na picha haiwezi kusahihisha, kwa sababu anayetajwa hayupo ukumbini. Sentensi ya tatu nayo ina udhaifu. Baba mdogo linaweza kufunguka kwa msikilizaji makini, lakini asiyelizoea atabaki akijiuliza kama huyu ni baba wa kambo. Ndugu katika sentensi ya mwisho lina utata pia: huko Kenya linaweza kusikika kama mjane anamwita kaka wa watoto wake.

Marekebisho yanayopendekezwa ni haya:

Shemeji: Mama amesema nyumba hii ni ya ukoo.
Mjane: Amesema lini? Wifi Zuhura alikuwepo?
Shemeji: Zuhura hana neno. Mimi na baba yao tumezaliwa tumbo moja.
Mjane: Kama ni damu yenu, mbona hujaleta hata kilo moja ya unga?

Mabadiliko manne yamefanyika, na kila moja lina sababu yake. La kwanza ni kuhamisha mahali anaposimama msemaji. Anayeitwa bibi na watoto ni mama kwa shemeji, na mama halina utata wa namna hiyo katika eneo lolote kati ya yaliyotajwa. La pili ni kulibakiza wifi na kulipa jina la mtu. Asiyelijua neno amepewa mtu wa kumshika, na analijua analipata kwa ukali wake wote. La tatu ni kuacha nomino na kutumia kitenzi. Kuzaa, kuzaliwa, kuoa na kuolewa ni vitenzi vinavyovuka mipaka, ingawa matamshi hutofautiana, na kauli ya kuzaliwa tumbo moja haihitaji orodha ya majina ya ukoo ili ieleweke. La nne ni kuweka damu mahali pa ndugu, taswira inayofika kote bila kutaja jinsia wala daraja.

Muda nao umeheshimika, jambo ambalo ni la lazima pale sauti inapoingizwa juu ya midomo iliyokwisha kurekodiwa. Sentensi ya kwanza ina silabi 15 kabla na baada ya kurekebishwa. Kauli ya shemeji kuhusu watoto imetoka silabi 14 hadi 16, na nafuu imepatikana hapohapo, kwa kuwa Wifi yako hana neno lenye silabi nane limekuwa Zuhura hana neno lenye saba. Kama mwandishi angeamua kufafanua kila kitu kwa maelezo, wifi lenye silabi mbili lingekuwa dada wa mume wangu lenye silabi saba, na mwigizaji angelazimika kukimbia. Kwa hiyo ufafanuzi wa namna hiyo unafaa mara moja tu, mhusika anapotambulishwa, na urudiwe kwa uchache kwa ajili ya watazamaji wanaojiunga katikati ya hadithi.

Katika manukuu, yaani maandishi yanayopita chini ya picha, hali hubadilika kidogo. Hapo wifi huandikwa sawa na jina la mtandao usiotumia waya, ambalo wengi hulitamka waifai. Sikioni maneno hayo mawili hayagongani, lakini machoni yanagongana. Herufi kubwa na jina la mtu, Wifi Zuhura, huondoa mgongano huo. Jambo hili linaonyesha kwamba maamuzi ya sauti hayafai kunakiliwa katika manukuu bila kusomwa upya.

5.0 Gharama ya marekebisho

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja kilichopotea. Katika toleo la kwanza, shemeji alijificha nyuma ya watoto kwa kusema bibi. Katika toleo la pili anajificha nyuma ya mama yake tu. Ujanja mmoja wa mhusika umekufa, na msikilizaji wa Tanzania ndiye aliyeupoteza. Hasara hiyo inaweza kupunguzwa kwa mwigizaji kuwatazama watoto anapolitamka neno mama, lakini hairudi yote.

Hatari kubwa zaidi ni kuikubali gharama hiyo kila mahali. Mtayarishaji anayeogopa kila neno la eneo moja ataondoa wifi, ami, mavyaa, na mwishowe hata matusi na utani, mpaka mama mkwe wa Tanga na kijana wa Kisumu wazungumze kama watangazaji wa taarifa ya habari. Lugha ya namna hiyo inaeleweka na wote, lakini haiko kinywani mwa mtu yeyote. Mtazamaji anaihisi haraka, ingawa hawezi kuitaja, na huanza kusikiliza kama anayesomewa. Ndiyo maana tofauti ya makundi mawili iliyowekwa katika sehemu ya tatu ina umuhimu wa kiutendaji. Maneno ya kuondolewa kwa lazima ni machache mno: bibi, nyanya, ndugu, mjomba na mengine ya aina yao. Mengi yaliyobaki yanaweza kuachwa, mradi tukio liyabebe.

6.0 Namna ya kulitambua kosa

Kwa kuwa kosa la kundi la pili halitoi sauti, haligunduliki kwa kumwuliza mtazamaji kama ameelewa. Atajibu ndiyo, na atakuwa mkweli. Njia inayofaa ni kumwonyesha kipindi cha kwanza, kisha kumwomba achore wahusika kwenye karatasi na kuwaunganisha kwa mistari: aliyemzaa, aliyemwoa, waliozaliwa pamoja. Mtazamaji mmoja wa pwani, mmoja wa bara na mmoja wa ng'ambo ya mpaka, wakichora bila kushauriana, watatoa michoro mitatu. Mahali michoro inapotofautiana ndipo neno la kurekebishwa lilipo. Mstari uliokosekana huashiria neno lisilojulikana, nao unaweza kuvumiliwa kama unajazwa katika kipindi cha pili. Mstari uliochorwa mahali pasipo pake huashiria neno la maana mbili, na huo haufai kusubiri.

Njia hii ina mipaka yake. Watazamaji watatu hawawakilishi mamilioni, na Kiswahili cha Goma hakilingani kila mahali na cha Lubumbashi. Aidha, mchoro hupima mahusiano tu. Haupimi iwapo mtazamaji alicheka mahali pa kucheka.

7.0 Hitimisho

Uteuzi wa majina ya ukoo kwa hadhira ya nchi nyingi hausuluhishwi kwa kuchagua lahaja moja wala kwa kukimbilia usanifu, kwa sababu maneno yenye utata mkubwa ni sanifu tayari. Uchambuzi umeonyesha kwamba neno geni huacha pengo ambalo picha, jina la mhusika na mtiririko wa kisa vinaweza kulijaza, ilhali neno la sura moja na maana mbali humjazia mtazamaji pengo kwa kitu kisicho chake. Vitenzi vya kuzaa na kuoa, majina ya watu, na kubadili mahali anaposimama msemaji ni njia tatu zinazotosha kwa sehemu kubwa ya mazungumzo. Jina la Doudou na Mama Wakwe Zake lilifanikiwa kwa kuchagua neno ambalo kila mtu angeweza kulifungua, na kwa kuiachia picha iseme lililobaki. Mwandishi wa mazungumzo anayelinda uelewevu kwa kiasi hicho atakuwa bado na nafasi ya kumwachia wifi ulimi wake.